Onja Wewe Kwanza

"Onja wewe kwanza," mume wangu akasema.

Nilikuwa nimeshika bakuli la uji mkono mmoja na kijiko mkono wa pili, nimechuchumaa mbele ya mtoto. Nikacheka, nikidhani ni utani. Yeye hakucheka. Dada yake, yaani wifi yangu, alikuwa amekaa kwenye kiti kando ya mlango, anakagua kucha zake kana kwamba hazijui. Hapo ndipo nikaelewa. Nikachota kijiko kizima, nikameza, nikafungua mdomo wauone mpaka kwenye koo.

"Haya. Nimekufa?" nikauliza.

Mtoto akageuza uso, uji hakuutaka, ukapoa wote mkononi mwangu.

Nijieleze kabla hamjaniwekea na nyinyi alama ya kuuliza. Mimi ni mama wa kambo. Mtoto ni binti wa mume wangu kwa mke wake wa kwanza, aliyefariki mtoto akiwa bado ananyonya. Nilimkuta anatambaa, sasa ana miaka minne. Tulimwita Kasuku kwa sababu alikuwa haziba mdomo: atakuuliza kwa nini sabuni ina povu, ukimjibu atauliza kwa nini povu halina sabuni. Mimi ananiita mamdogo. Nina mtoto wangu mwingine wa kiume, bado wa mgongoni, na huyo ndiye aliyeniponza. Alikuwa mnene, mashavu yamejaa, anacheka na kila mtu. Kasuku alikuwa amekonda, viganja vyeupe, na kasuku mwenyewe amenyamaza.

Sasa niambieni, wifi angeona nini kingine?

Ugonjwa ulianza kidogo kidogo. Kwanza akawa mkali, kitu kidogo analia. Kisha tumbo, analishika na kujikunja, na chooni haendi. Kisha nikamkuta anakula udongo ukutani, kidole kimoja kimoja, kwa utulivu kabisa. Nikampeleka zahanati mwenyewe, bila kusukumwa na mtu. Muuguzi akamtoa damu mchana, akaitia kwenye kichupa chenye kifuniko cha zambarau, kile chenye dawa ya kuzuia damu isigande, akasema kitapelekwa hospitali kubwa. Gari la sampuli lilikuwa limeshaondoka. Kichupa kikalala pale zahanati, kikasomwa siku ya pili. Majibu yakarudi: damu imepungua, chembe ndogo, zimepauka, mtoto amekosa madini ya chuma. Tukapewa dawa ya maji ya kuongeza damu.

Nikampa kama nilivyoelekezwa. Na yeyote aliyewahi kumpa mtoto dawa ile anajua inavyofanya choo kuwa cheusi. Muuguzi alikuwa ameniambia. Wifi hakuambiwa. Siku aliyokuja na kumwona mtoto kwenye poti, alitoka uani ameshika kifua.

"Choo cheusi kama lami! Kaka, mwanao analishwa nini humu ndani?"

"Ni dawa, wifi," nikasema. "Muulize muuguzi."

"Nimuulize muuguzi, au nikuulize wewe unayepika, bi harusi?"

Nimeolewa miaka mitatu na mpaka leo ananiita bi harusi, na si kwa mapenzi. Nilimjibu jibu ambalo sitaliandika hapa. Mama mkwe, ambaye tunaishi naye, akatoka chumbani kutuamulia. Yeye ni mtu wa kukaa katikati. Ukimwambia jua linawaka atasema ndiyo, lakini na kivuli kipo. Siku ile alinitazama mimi, akamtazama mtoto, akarudi ndani. Nikasema moyoni, na huyu naye nimempoteza.

Lakini na mimi nisijifanye malaika. Na mimi nilikuwa na wangu niliyemshuku. Mama mkwe ana kikopo cha unga wa kijivu anachokiweka chini ya mto, anasema ni dawa ya gesi tumboni, alipewa na jirani. Nilishamwona akimlambisha Kasuku ncha ya kijiko. Kila wifi aliponitolea macho mimi, mimi nilikitolea macho kikopo kile. Nyumba ikawa ya watu watatu wanaochunguzana kwenye sufuria moja.

Na mume wangu katikati. Mume wangu hufanya kazi kwenye karakana ya betri kuukuu za magari. Wanazivunja, wanatoa mabamba ya ndani, wanayayeyusha kwenye sufuria kubwa la chuma na kumimina vipande vya kuuza. Kazi ngumu, na hajawahi kuilalamikia. Akirudi, kabla hajanisalimia mimi wala mama yake, atamnyanyua Kasuku, mtoto atauzika uso shingoni mwake, watakaa hivyo mpaka chai ipoe. Kisha atavua koti lake la kazi, lile zito la kijani, na mtoto atalichukua. Kasuku halali bila koti lile. Analitafuna kwenye ukosi. Ukitaka kulifua analia kama unalizamisha. Na mimi, usiku akishtuka, dawa yangu ilikuwa hiyohiyo: namfunika koti la baba yake, anatulia.

Mume naye siku hizo alikuwa mgonjwa. Tumbo linamsokota, kichwa kinamgonga, mikono mizito. Akasema ni vidonda vya tumbo. Dada yake akasema, "Ehe, na wewe pia?" kisha akanigeuzia macho mimi. Tangu siku hiyo mume wangu akaacha kula nyumbani. Anasema amekula kazini. Ndipo likaja lile neno la kuonja. Niliumia jamani, siwezi kuficha. Mtu unalala naye kitanda kimoja anakuogopa kijiko.

Asubuhi moja Kasuku alitapika mpaka akaregea mikononi mwangu. Sikumsubiri mtu. Nikamfunga mdogo mgongoni, nikampakata mkubwa, nikaenda hospitali kubwa moja kwa moja. Na koti nililibeba, kwa sababu bila koti asingekubali kulala kitanda cha watu.

Daktari wa watoto alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya chini, miwani imening'inia kifuani. Alimvuta Kasuku kope za chini, akatazama, akambonyeza tumbo, akauliza maswali. Nilipomwambia habari ya udongo aliinua kichwa. Akamwita mtaalamu wa maabara aje palepale kitandani. Akaja dada mrefu, mkimya, ana trei yake.

"Kwa nini msitumie ile damu ya zahanati?" nikauliza. Mtoto alikuwa ameshachomwa vya kutosha.

"Nataka mbichi," daktari akasema. "Ya kidoleni, ipakwe kwenye kioo sasa hivi. Kuna vitu damu ikikaa muda mrefu kwenye kile kichupa vinafifia. Asubuhi unaona chembe zilizopauka tu."

Dada akamchoma kidole, akagusisha tone kwenye kioo, akalivuta na kioo kingine likawa utando mwembamba, akaupungia mkono ukauke. Kasuku hakulia hata kidogo. Hilo ndilo lililonitisha.

Baadaye nikaona daktari na yule dada wamesimama mlangoni mwa maabara, mmoja anainama kwenye hadubini, mwingine anangoja. Nikasogea. Nani angenizuia?

"Nilidhani ni rangi tunayoipakia damu," dada wa maabara alikuwa anasema. "Rangi chafu huacha punje. Nimechuja rangi upya, nimepaka kioo cha pili. Tazama wewe."

Daktari akatazama muda mrefu. "Zimo ndani ya chembe," akasema. "Uchafu wa rangi ungekaa juu na katikati ya chembe pia. Hizi zimo ndani."

Akaniona. Nilidhani atanifukuza. Akasogea pembeni, akanionyesha pa kuweka jicho.

Niliona viduara vingi vya waridi, katikati vyeupe, vimetawanyika. Vingi vilikuwa vitupu. Lakini hapa kimoja, pale kingine, vilikuwa na vidoti vya bluu ndani yake, vingi, vidogo, kama mtu amekaa na kalamu ya wino akivigonga kimoja kimoja.

"Hiyo ni nini?"

"Ni mabaki," daktari akasema. "Chembe nyekundu ikikomaa husafisha mabaki ya utengenezaji wake. Hizi zimeshindwa kusafisha, na wekundu wenyewe zimeshindwa kuutengeneza vizuri. Ndiyo maana amepauka hivi. Magonjwa fulani ya damu ya kurithi yanaweza kufanya hivi, kwa hiyo siapi. Lakini ukiweka na tumbo, na choo kigumu, na kula udongo, mimi nafikiria sumu."

Neno hilo lilitamkwa mara moja tu, kwa sauti ya chini. Nilipogeuka, wifi alikuwa amesimama nyuma yangu kwenye korido, na mume wangu ubavuni pake, amekuja mbio na nguo za kazini.

"Nilisema!" wifi akapiga makofi. "Nilisema mimi! Daktari, sikia, huyu si mama wa huyo mtoto."

"Sumu ya risasi, yale madini," daktari akasema, akimtazama yeye kama anavyotazama kipimo. "Si lazima iwe imewekwa na mtu. Inaweza kuwa kwenye rangi ya ukuta, kwenye dawa za unga, kwenye wanja, kwenye vumbi. Natuma damu maabara kuu wapime kiwango chake. Mpaka majibu yarudi mtoto anabaki hapa."

"Na akitoka anakwenda kwangu," wifi akasema. "Kaka, sema."

Nikamtazama mume wangu. Nilikuwa namwomba kwa macho, neno moja tu. Akatazama viatu vyake.

"Akitoka atakwenda kwa shangazi yake," akasema. "Mpaka ijulikane."

Roho ilinitoka ikarudi. Nikasema, "Na kikopo cha mama yako je? Mbona hamkisemi?" Mama mkwe akaitwa aje na kikopo chake, daktari akakichukua kikapimwe, mama mkwe akalia akisema namtakia kifungo uzeeni. Ilikuwa aibu tupu, korido nzima imesimama kutusikiliza.

Ni wifi mwenyewe aliyetaka wote tupimwe. "Nyumba nzima!" akasema. "Wachomwe wote vidole, tuone nani ana hiyo sumu na nani hana. Mpishi hali chakula chake mwenyewe, atakuwa safi, mtaona." Daktari akasema si wazo baya, ingawa kwa sababu zake. Tukapanga mstari kwenye benchi la maabara: mimi, mwanangu mdogo, mama mkwe, mume wangu. Dada mrefu akatuchoma, tone moja kioo kimoja. Na damu nyingine akaitoa mkononi, ya kwenda maabara kuu.

Tuliitwa kwenye chumba cha daktari siku majibu yalipofika. Chumba kidogo, meza, mizani ya watoto, viti vichache. Wifi alikaa mbele. Mimi nilisimama. Kama ni kufukuzwa, nilisema, nifukuzwe nikiwa wima.

"Kwenye vioo," daktari akaanza, "bibi hana vidoti."

"Enhe," wifi akasema.

"Mama mdogo hana. Mtoto wa kiume hana."

"Enhe! Si mnaona? Yeye na wa kwake!"

"Baba anavyo."

Wifi akaruka wima. "Anawaua wote wawili! Kaka, ulikuwa unaumwa tumbo, nilikwambia!" Mume wangu alikuwa amegeuka rangi ya majivu. Akanitazama, na katika macho yake, haki ya Mungu, niliona ananiogopa. Mimi mwenyewe nilianza kuhesabu vyungu vyangu kichwani.

Mama mkwe ndiye aliyeongea. Yule wa jua na kivuli. Alikuwa amejikunyata pembeni na hakuna aliyemtazamia.

"Hebu ngojeni," akasema. "Humo ndani anayekula kuliko wote ni nani?"

Akajigonga kifua.

"Ni mimi. Nakula changu, nakwangua na ukoko wa sufuria. Huyu mwanangu anakula huko kazini kwake tangu lini? Kama sumu imo chunguni, mbona mimi mbichi na yeye ndiye anayeoza?"

Wifi akaketi tena.

"Ndilo swali langu hilo," daktari akasema. Akamgeukia mume wangu. "Maabara kuu wamenijibu. Kiwango cha risasi cha mtoto kiko juu sana. Chako kiko juu kuliko chake. Mkeo, mama yako na mtoto mdogo wanayo kidogo, kidogo sana, na nitawafuatilia. Unga wa bibi hauna kitu. Nieleze kazi yako."

Akaeleza. Sauti yake ilikuwa inapungua kadiri alivyoeleza. Kuvunja betri, mabamba, sufuria, moshi, vumbi la kijivu linalokaa kwenye kila kitu.

"Ukitoka kazini unaoga wapi?"

"Nyumbani."

"Kabla au baada ya kumshika mtoto?"

Alitazama mikono yake, nyuma na mbele, akaiweka magotini, kisha akaitoa magotini kana kwamba magoti nayo yatadhurika.

"Mabamba unayoyayeyusha ndiyo risasi yenyewe," daktari akasema, na sasa alikuwa mpole. "Inakaa kwenye nguo, nywele, viatu. Mtu mzima anameza kidogo na nyingi inapita. Mtoto mdogo mwili wake unainyonya, na aliyepungukiwa chuma ananyonya zaidi. Dawa ya kuitoa tumeshaiagiza. Lakini nikimpa dawa huku anaendelea kuila, nitakuwa nachota maji kwenye mtumbwi uliotoboka. Kuna kitu chako chochote anachokishika? Anachokiweka mdomoni?"

Mama mkwe akanitazama. Mimi nilikuwa nimeshaelewa tangu aliposema nguo.

"Koti," nikasema. "Analala nalo. Liko kitandani kwake, hapa wodini. Nililileta mimi."

Wifi akageuka haraka, na nililiona neno likimjia kwenye ulimi. Mume wangu akamwinulia mkono. "Usithubutu," akamwambia. "Koti ni langu." Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akimnyamazisha dada yake. Nilingoja nifurahi. Sikufurahi.

Akasimama, akaelekea mlangoni, anataka kwenda kwa mtoto wake. Daktari akamzuia. "Na nguo hizo? Umetoka kazini." Akabaki hapo hapo. Mtu mzima, mikono ameiachanisha na mwili, hajui aiweke wapi.

"Nenda wewe," akaniambia. "Tafadhali, mke wangu."

Muuguzi akanipa mfuko wa plastiki. Nikaenda.

Wodi ilikuwa imejaa akina mama, kila kitanda na mama yake, na wote walishajua kisa chetu kwa sababu wifi hakuwa na siri. Kasuku alikuwa amelala ubavu, amejikunja, koti limemfunika mpaka sikioni. Ukosi ulikuwa mdomoni. Ulikuwa umelowa, umeng'aa, umetafunwa mpaka nyuzi zimetoka. Kila usiku nilioamka nikamfunika, nilimfunika hilohilo.

Nikauvuta ukosi taratibu. Meno yakakaza. Nikavuta tena, akaamka.

"Mamdogo, la baba hilo."

"Najua, mama. Nipe."

"La baba!"

Sikuwa na njia nyingine. Nikalinyakua. Yule mtoto ambaye alikuwa hajalia hata kwa sindano akapiga ukelele ambao sijawahi kuusikia. "Ananinyang'anya baba! Baba! Mamdogo ananinyang'anya baba!" Akaning'ang'ania mkono, anakwaruza, anapiga mateke, na mimi nalisukumiza koti ndani ya mfuko kama mwizi. Kutoka kitanda cha pili nikasikia mtu akisema kwa sauti, ili nisikie, "Mnamwona? Na mgonjwa hivyo. Hawa ndio walewale."

Ningeweza kumgeukia. Mdomo ninao, mnaujua. Ningeweza kusimama katikati ya wodi nikawaeleza wote vidoti na betri na bibi anayekwangua ukoko. Nilifunga mfuko fundo la kwanza, la pili. Kisha nikatazama mlangoni.

Mume wangu alikuwa amesimama nje ya kizingiti, hakuingia. Kasuku akamwona. Akanyoosha mikono yote miwili.

"Baba, njoo!"

Akarudi nyuma hatua moja. Nilimwona akirudi, na mtoto akamwona akirudi. Mikono ya mtoto ikabaki hewani.

Nikamnyanyua mimi. Alijikunja kama paka, akanipiga usoni, kisha akaniuma begani, akakaza meno palepale kwenye gauni. Nikamwacha aume. Nikamshika kichwa, nikamgeuza upande wangu ili asimwone baba yake akilia mlangoni, nikaanza kumbembeleza huku na huku katikati ya vitanda, wodi nzima inanitazama.